Burdizo, mpira au kisu: mjadala wa siku ya josho

Huku Kongwa, mkoani Dodoma, mvua ni msimu mmoja tu. Huanza Desemba, hukoma Aprili, na ikifika Juni matope yamekauka zizini, upepo wa kipupwe unapuliza na nzi wamepungua. Ndipo wafugaji wanapokumbuka madume. Ndama wa masika wameshapata nguvu, vibeberu vimeanza kuwapanda dada zao, na kila anayetaka maksai wa kulima au ndafu wa kuuza anajua kwamba huu ndio mwezi wa kuhasi.

Jumamosi ya tarehe 15 Juni, ng'ombe walipokwisha kupita joshoni, kijana mmoja mwenye bodaboda alifika na burdizo ndani ya gunia la mbolea, kaifunga nyuma ya kiti. Hutoza kwa kichwa. Kabla hajaitoa, mama mmoja mwenye mbuzi akamzuia, na maneno yakaanza. Yalikula asubuhi nzima chini ya mbuyu. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia, ila nimeyapunguza urefu. Walioongea walikuwa watano: kijana mwenyewe, mama mwenye mbuzi, mzee aliyehasi kwa kisu tangu ujana wake, dalali wa mnadani, na bwana mifugo wetu, ambaye ni mwanamke wa makamo, lakini kijiji kizima kinamwita hivyo na ameshazoea. Mimi nilikuwa na wanakondoo wawili wa siku nne, na sikujua niwafanyeje.

Kijana: Mama yangu, usinifukuzie wateja. Burdizo haitoi damu, haiachi kidonda, nzi hana pa kutagia. Nabana kulia, nabana kushoto, mnyama anarudi malishoni. Ukimwita mzee na kisu chake, utashinda wiki mbili unapuliza dawa.

Mama: Mwaka jana mwezi kama huu ulinibania vibeberu vitano. Nilikulipa hapo hapo. Nikaviacha na majike nikiwa nimetulia moyo. Januari majike wawili wakazaa. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, hesabu mwenyewe. Na zizini kwangu hakuna beberu mzima.

Kijana: Majirani wana mabeberu, mama.

Mama: Majirani hawana beberu wa madoa mekundu. Mimi ninaye, na wewe ndiye uliyembana.

Mzee: Ndiyo maana husema, burdizo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Umebana nini humo ndani? Huoni. Umeukata mshipa au umebana ngozi tupu? Hujui. Mimi nikimaliza kazi, kende mbili ziko kwenye sinia. Nazihesabu, na mwenye mnyama anazihesabu.

Bwana mifugo: Hapo mzee amesema kweli, na hakuna njia nyingine yenye uhakika huo. Lakini msishindane kwa kutaja njia ipi haina kosa, maana zote zina makosa. Mimi huuliza kosa litaonekana lini. Kosa la kisu huliona usiku huohuo, damu ikikataa kukoma, au siku ya tatu, ukikuta funza. Kosa la mpira hukaa kimya wiki mbili tatu, kisha unakuta mnyama amekauka kama ubao. Kosa la burdizo hujitokeza baada ya miezi, kama lilivyojitokeza kwa mama. Ukijua siku ya kosa, unajua siku ya kwenda kukagua. Watu wanaoibiwa na burdizo ni wale waliokagua siku ya kwanza tu.

Kijana hakupenda neno “kuibiwa”. Akatoa chombo chake kwenye gunia, akakiinua watu wakione. Ni koleo zito la chuma lenye mikono mirefu na taya mbili butu. Lilibuniwa na Mtaliano Napoleone Burdizzo mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake ndilo tunalolitamka mpaka leo. Taya hazikati ngozi. Huponda mshipa wa mbegu pamoja na mishipa ya damu iliyo ndani yake, korodani hukosa damu, hunyauka polepole humo humo mfukoni. Ngozi hubaki nzima kwa sababu ni laini na huteleza, na ina mishipa yake yenyewe ya damu.

Bwana mifugo aliomba karatasi. Nikamchania ukurasa wa daftari. Akaukunja mara moja, akalaza uzi wa katani katikati ya kunjo, akamwambia kijana abane.

Bwana mifugo: Burdizo nzima huukata uzi na kuacha karatasi ikiwa na mstari tu. Fungua tuone.

Karatasi ilikuwa na mstari upande wa nje wa taya. Upande wa ndani haikuwa na alama yoyote, na uzi ulikuwa mzima.

Bwana mifugo: Unaitunza vipi?

Kijana: Kwenye gunia.

Bwana mifugo: Imefungwa au imeachama?

Kijana: Imefungwa. Ikiachama haiingii vizuri.

Bwana mifugo: Basi imechoka kwa kukaa imejibana miaka yote. Burdizo huhifadhiwa taya zikiwa wazi, imepakwa mafuta. Halafu hii ni ya ng'ombe wakubwa, sentimita 48. Mbuzi ana yake ndogo, ya sentimita 23. Taya hizi zikimkamata mbuzi wa miezi miwili hujui umekamata nini. Mwanangu, hukumuibia mama kwa makusudi. Ulimuuzia kazi ya chombo kilichokufa.

Kijana: Lakini ndama niliowabana wote walikauka vizuri.

Bwana mifugo: Wote? Uliwashika tena baada ya wiki sita?

Kijana hakujibu. Mzee akacheka, bwana mifugo akamkata jicho, kisha akafuata mbuzi mmoja wa mama, dume wa miezi miwili na nusu mwenye kilo kama 10, akaonyesha kwa vidole kabla ya kushika chombo chochote.

Bwana mifugo: Kwanza hesabu mbili. Ukipata moja, acha. Nyingine imebaki tumboni, na ukihasi hiyo moja umejitengenezea mbuzi asiyeonekana dume lakini bado ana hamu na vurugu za dume. Ukikuta uvimbe laini unaoongezeka mnyama akijikamua, acha pia, huo ni utumbo umeshuka. Sasa shika mshipa wa upande mmoja. Unausikia? Ni kama bomba la peni. Usukume mpaka ukingo wa nje wa mfuko, uushikilie hapo hapo usiteleze. Bana juu ya korodani, sentimita tatu hivi, mbali na vichuchu na mbali na njia ya mkojo. Ukishafunga, subiri.

Kijana: Nabana, natoa. Moja, mbili.

Bwana mifugo: Haraka haraka haina baraka. Hesabu mpaka kumi, huku kidole kikithibitisha kwamba mshipa uko ndani ya taya. Kisha fungua, shuka sentimita moja, bana tena mshipa uleule. Baadaye upande wa pili, lakini mstari wake uwe juu kidogo au chini kidogo ya mstari wa kwanza. Katikati ya mfuko acha ngozi isiyoguswa. Hiyo ndiyo njia ya damu ya kulisha mfuko.

Kijana: Mimi kuna ndama niliyembana mara moja tu, nikavuka mfuko mzima. Ilikuwa rahisi.

Bwana mifugo: Mfuko wake ulikuwaje?

Kijana: Ulioza, ukadondoka.

Bwana mifugo: Umeona? Ulifunga mito yote miwili na mifereji yake.

Mama aliuliza jambo ambalo nadhani linawapotosha wengi. Mwaka jana, siku ya pili baada ya kubanwa, vibeberu vyake vilivimba korodani, zikawa kubwa kuliko mwanzo. Alidhani ni kidonda cha ndani, akataka kuvichoma sindano. Bwana mifugo akamwambia uvimbe huo ni wa kawaida, hudumu siku chache, na mnyama anayekula na kutembea aachwe. Korodani huanza kusinyaa baadaye. Baada ya wiki nne hadi sita ukizishika zinakuwa kitu kidogo kigumu, kama punje ya karanga. Ukikuta moja imejaa, inateleza mkononi na imekua pamoja na mnyama, mshipa wake ulikuponyoka, na hiyo inabanwa upya. Mpaka siku hiyo ya kukagua, dume asikae na majike, kwa sababu hata aliyehasiwa sawasawa hubaki na mbegu zilizokuwa njiani tayari.

Hapo nikauliza lililonipeleka. Wanakondoo wangu ni wa siku nne. Kwa nini nisiwavalishe mpira, nikamaliza?

Mama: Usithubutu. Mwenzako nilivalisha vibeberu tisa. Pete zilikuwa mpya, koleo la meno manne niliazima, kila kitu kilionekana sawa. Siku ya kwanza walilala chini, wakainuka, wakapiga mateke, jioni wakanyonya. Nikasema kumbe rahisi. Siku ya kumi na mbili mmoja akashindwa kunyonya. Mdomo haufunguki. Masikio yamesimama, mkia umenyooka, miguu minne imekaa kama ya meza. Ukimgusa anashtuka mwili mzima. Wa kwanza akafa, kesho yake wa pili, na wa tatu. Nikaambiwa nimerogwa.

Bwana mifugo: Pepopunda.

Mama: Ndiyo, nilikuja kujua baadaye. Lakini mbuzi walikuwa wameshazikwa.

Bwana mifugo: Pole sana, mama. Kijidudu cha pepopunda hulala kwenye udongo na kwenye mavi ya mifugo, na hustawi pale pasipo na hewa. Mpira unafunga damu, nyama iliyo chini yake inakufa huku ikiwa bado imeshikamana na mnyama kwa wiki kadhaa. Pale kwenye mwanya wa pete pana nyama iliyokufa, unyevu na uchafu wa zizi. Ukitaka kumwandalia pepopunda chumba, hutapata kizuri kuliko hicho. Kwa hiyo anayetumia mpira hapa kwetu bila kinga ya pepopunda anacheza kamari.

Mzee: Kwa hiyo mpira haufai.

Bwana mifugo: Sijasema hivyo, mzee wangu. Kuna kinga za aina mbili na watu huzichanganya. Jike mwenye mimba akichanjwa wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, na mtoto akanyonya maziwa ya kwanza vizuri, mtoto anapata kinga ya mama. Hiyo ndiyo nafuu kuliko zote. Kama hukumchanja mama, siku unayovalisha mpira unamchoma mtoto ile dawa yenye kinga iliyo tayari, siyo chanjo. Chanjo ukimchoma leo, mwili wake unahitaji wiki kadhaa na dozi ya pili ndipo ujilinde, na pepopunda haitamsubiri.

Mama: Hilo hakuna aliyeniambia. Mimi nilichoma chanjo asubuhi ileile, nikajua nimemaliza.

Akanyamaza. Nadhani ndipo alipojua kwamba hakuwa mzembe.

Bwana mifugo akanigeukia. Mpira ni wa mtoto mchanga, akasema, baada ya siku ya kwanza, akiwa ameshanyonya na mama yake amemjua, na kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Akatupa mfano wa Uingereza, ambako sheria hairuhusu mpira bila ganzi baada ya siku 7 za kwanza. Njia nyingine bila ganzi mwisho wake ni miezi 2 kwa ndama na mbuzi, na miezi 3 kwa kondoo. Hakuutaja ili tujione wakosaji. Alitaka tuone kwamba hata waliobishana kwa miaka wameishia kupanga kwa umri. Mwanakondoo mchanga huumia saa moja, mbili au tatu, kisha hutulia. Ndama wa miezi mitano akivalishwa mpira, mfuko wake ni mzito, unachukua wiki nyingi kudondoka, na ukingo wa pete unakuwa kidonda kibichi muda wote huo. Mwenyewe huoni damu, ukasema haumii.

Dalali, aliyekuwa ameegemea pikipiki akisikiliza redio ya simu yake, ndipo akaingilia.

Dalali: Ninyi mnazungumza maumivu, mimi nazungumza mnada. Mteja akimshika mbuzi chini akakuta mfuko haupo, anasema huyu ana kasoro, anashusha bei. Burdizo inaacha mfuko. Halafu wateja wangu wa Dar es Salaam, ikikaribia Idi el-Haji, wananiuliza kama aliyehasiwa anafaa kuchinjwa. Hebu tuanzie hapo.

Mzee: Sisi tunaongelea jinsi ya kuhasi, wewe unaongelea jinsi ya kuuza.

Mama: Mwache ajibiwe, ni swali. Mume wangu anafundisha madrasa. Mtume mwenyewe imepokewa kwamba alichinja kondoo wawili madume waliohasiwa, na wanazuoni wengi hawaoni dosari, maana nyama yake ni bora zaidi. Anayetaka zaidi amuulize shehe wake.

Dalali: Basi nimepata la kuwaambia. Na kuhusu mfuko?

Bwana mifugo: Kuhusu mfuko unasema kweli kwa mnada wako. Lakini usisahau kwamba mfuko uliobaki ndio uliomficha yule beberu wa madoa mekundu. Mteja akishika, ashike vizuri.

Jua lilikuwa limepanda. Mzee akaona zamu yake imechelewa sana. Alikuwa na ndama watatu wa miezi mitano na madume mawili ya mwaka na nusu, yote anayataka kwa plau.

Mzee: Mimi sina maneno mengi. Ndama nitamwangusha, nimfunge, nimwoshe mfuko kwa maji na sabuni. Nakata kipande cha chini cha mfuko, theluthi moja, kiondoke kabisa. Kende zinashuka zenyewe. Naivuta moja polepole, polepole, mpaka mshipa ukatike wenyewe. Siukati kwa kisu. Ukikata, damu inaruka. Ukivuta, mshipa unajikunja na kujifunga. Kisha ya pili. Kidonda sishoni. Kikishonwa, damu na usaha vinakosa pa kutokea.

Bwana mifugo: Mzee, hapo hakuna ninachoongeza ila ganzi na mikono safi. Na zizi. Baada ya kuwahasi unawaweka wapi?

Mzee: Zizini.

Bwana mifugo: Kwenye mavi?

Mzee: Wamelala humo tangu wazaliwe. Na kidonda napaka mavi mabichi ya ng'ombe kufukuza nzi. Baba yangu alifanya hivyo.

Bwana mifugo: Na baba yako hakuwahi kupoteza ndama?

Mzee: Alipoteza. Hata mimi nimepoteza.

Bwana mifugo: Mavi ndiyo nyumba ya pepopunda niliyomweleza mama. Kidonda cha kisu kiko wazi, kinapata hewa, hiyo ndiyo nguvu yake. Ukikipaka mavi unaiondoa nguvu hiyo kwa mkono wako. Walale nje kwenye nyasi kavu, watembee, maana kutembea kunasaidia kidonda kutoa maji. Nzi wafukuze kwa dawa ya kupuliza, na kidonda ukitazame kila asubuhi kwa wiki nzima.

Mzee: Haya. Na haya madume mawili?

Bwana mifugo: Hayo usiyavute.

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimewahi kumsikia akilisema.

Mzee: Kuna moja lilinifia. Lilikuwa na miaka miwili. Nilivuta kama ninavyovuta ndama, mshipa ukakatikia juu, ndani. Damu haikudondoka, ilitiririka kama maji ya bomba. Niliingiza kitambaa, nikafunga kamba. Alfajiri lilikuwa limelala. Nilisema limeumwa na nyoka.

Hakuna aliyecheka. Bwana mifugo akamweleza taratibu kwamba mshipa wa dume la umri huo ni mnene kama kidole gumba na mishipa yake ya damu haijifungi yenyewe. Inabidi upondwe kwa koleo la kuhasia, lile linaloponda na kukata kwa pamoja, likishikiliwa karibu dakika moja, au ufungwe kwa uzi safi kabla ya kukatwa. Ganzi si hiari tena, na kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Burdizo kubwa nayo inawezekana, lakini kadiri mshipa unavyozidi unene ndivyo wanaokosea wanavyoongezeka. Dalili za kukutia wasiwasi ni rahisi: matone yanayohesabika ni sawa, yanakoma. Mkondo usiokatika si sawa, usingoje alfajiri.

Mzee: Lakini nikiwahasi wadogo, shingo haitoki. Maksai wa plau anahitaji shingo na nundu. Ndiyo maana tunangoja.

Kijana: Hilo hata mimi nimelisikia. Ukihasi mapema anakuwa kama jike.

Bwana mifugo: Ni kweli nusu. Korodani ndizo zinazojenga shingo nene na mabega ya dume, kwa hiyo anayengoja anapata mwili huo. Lakini anaulipia. Mwaka mzima wa kupigana, majike kupata mimba asizozitaka, na hatari ile uliyotusimulia sasa hivi. Mimi ningewahasi kabla ya miezi mitatu na kuwalisha vizuri. Wewe unalima ekari nyingi kwa plau na unaijua kazi ya shingo kuliko mimi. Hapo sikushindi.

Hakumshinda kweli, na mzee hakushindwa. Jambo lingine lililobaki hewani ni la vibeberu vya mama. Bwana mifugo alisema kibeberu kikihasiwa kichanga sana, njia yake ya mkojo haipanuki kama ya dume, na akija kulishwa pumba na mahindi kwa wingi, vijiwe vinaweza kuiziba. Unamwona anajikamua, mkojo hautoki, tumbo linajaa. Kwa hiyo mbuzi wa kunenepeshwa bandani kwa chakula cha nafaka yeye humsubirisha mpaka miezi mitatu. Mama akamkumbusha kwamba mbuzi wa miezi mitatu anaweza kuwa ameanza kupandisha. Bwana mifugo akasema ndiyo, atenganishwe. Mama akauliza atamtenganisha na boma gani, wakati analo moja. Hakuna aliyekuwa na jibu, na kwa mbuzi wa malishoni wanaokula majani hatari ya vijiwe ni ndogo, kwa hiyo tukaamua kwa boma lililopo.

Hivi ndivyo siku ilivyoishia. Vibeberu vitano vya mama vya miezi miwili na nusu vilibanwa kwa burdizo ndogo ya bwana mifugo, baada ya kupita mtihani wa uzi. Kila kimoja kilipigwa ganzi kwanza, lignokeini ya asilimia 2, isiyozidi mililita 2 kwa mbuzi wa kilo 10, ikigawanywa pande zote mbili za mfuko, kisha tukasubiri dakika kumi. Mbuzi hahimili ganzi nyingi. Anayemwaga kama anavyomwagia ng'ombe humwona akitetemeka na kuanguka. Kijana ndiye aliyebana, bwana mifugo akimshikia mkono kwa wawili wa kwanza, na mama akihesabu mpaka kumi kwa sauti, watu wakimpokea.

Ndama watatu wa mzee walihasiwa kwa kisu na mzee mwenyewe, safari hii kwa ganzi, na usiku ule walilala nje. Madume mawili hayakuguswa, yatasubiri daktari. Wanakondoo wangu walivalishwa mpira, nikiwa nimehakikisha korodani zote mbili ziko chini ya pete na vichuchu viko juu yake. Walichomwa kinga ya pepopunda iliyo tayari. Kisha bwana mifugo akabana burdizo ndogo mara moja juu ya shingo ya mfuko, chini kidogo ya pete, ili kuponda mishipa ya fahamu. Hapo ngozi nzima inabanwa bila hofu, maana mfuko ule ni wa kudondoka. Walilala kidogo, wakainuka kunyonya kabla sijamaliza kufunga lango.

Nikitakiwa kutoa hukumu, nitasema chombo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni mnyama ana umri gani. La pili ni kama utakuwepo siku ambayo kosa la njia uliyoichagua linajionyesha. Asiyeweza kukagua kidonda kila asubuhi asishike kisu. Asiye na kinga ya pepopunda asinunue pete. Na asiyeandika tarehe ya wiki ya sita asimlipe mwenye burdizo.

Mama aliiandika kwa mkaa kwenye mlango wa banda: 27 Julai. Siku hiyo tulikwenda wote, na kijana pia, bila kuitwa. Wanakondoo wangu mifuko ilikuwa imeshadondoka. Vibeberu vinne vilikuwa na karanga mbili kila kimoja. Cha tano upande wa kulia kilikuwa na karanga, na upande wa kushoto korodani nzima, laini, inateleza. Kijana aliibana upya, akahesabu mpaka kumi, na hakutoza.